Ulighairi Juni, Ukarudi Novemba: Kwa Nini Bei, Akaunti na Data Havirudi Pamoja

Simu ya kwanza iliingia saa mbili na robo asubuhi, duka halijafagiliwa. Alikuwa mkulima wa viazi kutoka upande wa Isyonje.

"Shikamoo mama. Hii meseji ya deni ni ya nini tena? Si nilikulipa Nane Nane, palepale uwanjani?"

Mwenye duka hakuwa amemtumia mtu yeyote meseji. Kufikia saa nne walikuwa wamepiga watu kumi na mmoja, wengine kwa upole, wengine wakiwa wamekasirika kabisa, kwa sababu hakuna kinachomuudhi mkulima kama kudaiwa deni alilokwisha kulipa. Akanipigia mimi.

Duka lake ni la pembejeo, liko Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka ya namna hiyo, hapo Uyole, Mwanjelwa na mara mojamoja Mbalizi. Nilijua mara moja meseji zimetoka wapi. Siku iliyotangulia tulikuwa tumerudishiwa akaunti yake ya programu ya mauzo na madeni, ambayo aliighairi mwezi wa sita. Programu iliamka, ikakuta wateja 37 wenye madeni yaliyopita tarehe, na saa mbili kamili ikafanya kile ilichoagizwa kufanya miezi mitano nyuma: ikawakumbusha wote, kwa salio la Juni.

Huo ulikuwa mkasa wa nne ndani ya wiki moja, na yote ilitoka kwenye dhana moja. Dada huyu (namwita dada kwa mazoea ya miaka) aliamini kwamba kurudi kwenye huduma ni kama kufungua duka lililokuwa limefungwa kwa msiba: unasukuma mlango, kila kitu kiko pale ulipokiacha. Watu wengi huamini hivyo. Lakini ndani ya mfumo, bei yako, akaunti yako na data zako ni vitu vitatu vinavyotunzwa mahali tofauti na kwa masharti tofauti. Ulipokuwa mteja vilitembea pamoja. Ukiondoka, kila kimoja kinashika njia yake, na ukirudi kila kimoja unakitafuta kivyake.

Sababu ya kughairi haikuwa ya kijinga. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mbolea ya kupandia na mbegu za mahindi zinauzwa kwa kishindo kuanzia mvua zinapokaribia, kisha mbolea ya kukuzia, na ikifika Juni duka la pembejeo linauza dawa za mboga na vinyunyizio viwili vitatu kwa siku. Kulipia programu 20,000 kila mwezi wakati daftari la shilingi 1,500 linatosha ni jambo la kufikirisha. Tarehe 14 Juni akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza kughairi, akaendelea na daftari.

Vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina moja

Kabla ya bei, lazima tutenganishe maneno, maana hapa ndipo wengi wanapojiumiza bila kujua.

Kughairi, kwa huduma nyingi, ni kusema tu kwamba usilipishwe tena. Huduma haikatiki siku hiyo. Dada alighairi tarehe 14 lakini alikuwa amelipia hadi 30 Juni, kwa hiyo kwa siku 16 zilizobaki alikuwa bado mteja kamili, mwenye bei yake ya zamani. Ndani ya siku hizo kurudi ni kubatilisha uamuzi: mkataba uleule unaendelea. Google Play inafanya kazi hivyo pia. Usajili ulioghairiwa unaendelea kutumika mpaka mwisho wa kipindi ulicholipia, na kabla kipindi hakijaisha unaweza kuurejesha uleule kwenye ukurasa wako wa usajili.

Kuisha ni kitu kingine. Usiku wa 30 Juni ulipopita, mkataba ule ulifungwa. Ukirudi baada ya hapo, hata kama ni siku inayofuata, kwa mfumo wewe unanunua upya.

Kufuta akaunti ni jambo la tatu, na ni zito zaidi. Hapo huambii kampuni ikuache bila kukulipisha, unaiambia ikusahau. Kampuni nyingi zikipokea ombi hilo huanza kufuta data baada ya siku chache, na zingine hazina njia ya kurudi. Nimeshakutana na mzee wa duka la vipuri aliyefuta akaunti akidhani ndiyo njia sahihi ya kuacha kulipa. Kinyume chake nacho kipo: kuondoa programu kwenye simu hakughairi chochote. Kama kadi yako imeunganishwa, makato yanaendelea.

Kwa sisi tunaolipa kwa fedha za simu kuna tofauti nyingine. Huduma nyingi za hapa nchini hazikati zenyewe. Wewe ndiye unayetuma pesa kila mwezi. Ukikaa kimya hujaghairi, umechelewa tu, na baadhi ya kampuni hutoa siku kadhaa za nyongeza ambazo ukilipa ndani yake unaendelea kwa bei uliyokuwa nayo. Niliuliza kampuni ya dada ina siku ngapi: kumi na nne. Yaani angeacha tu kulipa, angekuwa na hadi 14 Julai. Kwa kubonyeza kughairi alizipoteza hata hizo.

Bei ilikuwa ya mkataba, haikuwa yake

Dada alianza na kampuni hiyo mwaka 2022, kifurushi kikiwa 20,000 kwa mwezi. Katikati kampuni ikapandisha hadi 32,000, lakini kwa wateja wapya tu. Waliokuwemo wakaachiwa bei yao. Alipoambiwa 32,000 mwezi Novemba alinung'unika: "Mimi si mteja wa miaka mitatu?" Ni kweli, mtu ni yuleyule. Lakini bei ya zamani haikuandikwa kwenye jina lake. Iliandikwa kwenye usajili, ule uliofungwa 30 Juni. Usajili mpya ulipofunguliwa, mfumo ulichukua bei iliyokuwa ukutani siku hiyo.

Kampuni hufanya hivi kwa makusudi, na sioni ubaya mkubwa. Kumpandishia bei mteja aliyepo kuna gharama zake: lazima umpe taarifa, na wengine wataondoka. Kwenye Google Play, kwa mfano, mwenye programu akipandisha bei, waliojisajili zamani wanaweza kubaki kwenye kundi la bei ya zamani kwa muda wote anaotaka yeye. Akiamua kuwahamisha, kwa kawaida mteja hutakiwa kuikubali bei mpya, na asipoikubali hadi siku ya kulipa, usajili unaghairiwa wenyewe. (Ndiyo maana ile taarifa ya bei mpya usiipuuze. Kukaa kimya si kukataa nyongeza, ni kuondoka.) Kundi la bei ya zamani linapungua tu, haliongezeki. Kila anayetoka na muda wake ukaisha, nafasi yake inafungwa.

Sasa tufanye hesabu, maana dada alikuwa na hakika kwamba ameokoa pesa. Hakulipa Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Miezi 4 mara 20,000 ni 80,000 aliyobaki nayo mfukoni. Kwa bei ya 32,000 aliyotajiwa analipa 12,000 zaidi kila mwezi. Gawanya 80,000 kwa 12,000: miezi sita na ushee. Yaani kufikia mwezi wa saba tangu arudi, Mei, akiba yote imeliwa, na kuanzia hapo analipia uamuzi wa Juni kila mwezi.

"Basi nitaghairi tena Juni ijayo," akasema. Tukapiga hesabu hiyo nayo. Akitumia miezi 8 kwa mwaka kwa bei ya 32,000 analipa 256,000. Angebaki mwaka mzima kwa bei ya zamani, miezi yote 12, angelipa 240,000. Miezi minne ya kutotumia kabisa imekuwa ghali kuliko kutumia mfululizo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile 20,000 ingedumu milele. Swali zuri, na jibu ni hapana. Hakuna kampuni inayoahidi hivyo, na hesabu yangu inasimama tu kwa muda ambao wangeiacha. Mwenye huduma inayolipwa kwa dola ana sababu nyingine ya kutoiamini bei ya zamani. Dola kumi zilikuwa kama shilingi 23,000 mwaka 2022, na kufikia katikati ya 2024 zilikuwa zimevuka 26,000, bila kampuni kugusa bei yake hata senti.

Kati ya kubaki na kuondoka kulikuwa na njia ambayo hakuijua. Huduma nyingi zina kusimamisha kwa muda: hulipi, hutumii, na usajili haufungwi. Kwenye Google Play, kama mwenye programu ameiruhusu, unaweza kusimamisha kwa wiki moja hadi miezi mitatu. Kampuni ya dada haikuwa na kitufe hicho, ila ilikuwa na kifurushi kidogo cha 8,000 cha kuangalia taarifa bila kuuza. Angeshuka kwenye kifurushi hicho Juni, usajili ungebaki wazi na data zingekaa zilipo. Kama angerudi juu kwa bei ya 2022 au ya sasa, hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kushuka, na kupata jibu kwa maandishi. Kampuni zingine huhesabu kushuka na kupanda kuwa ni kununua upya.

Chumba kitupu

Mkasa uliotangulia huo wa bei, kwa kweli, ndio uliotutoa jasho. Tarehe 3 Novemba dada alipakua programu upya, akaweka namba yake ya simu, ikaja namba ya uthibitisho, akaingia. Hakuna bidhaa, hakuna mteja hata mmoja, hakuna deni. Akahitimisha kwamba wamefuta kila kitu. Akalia kidogo, akajipa moyo, akaanza kuingiza bidhaa moja moja: DAP, Urea, CAN, mbegu za mahindi kwa ukubwa wa mifuko. Siku tatu. Programu ilimkaribisha vizuri sana, ikampa hata punguzo la nusu bei kwa mwezi wa kwanza, 16,000.

Lile punguzo ndilo lililonishtua nilipofika tarehe 6. Punguzo la nusu ni la wateja wapya. Kama mfumo umempa, mfumo haumjui.

Haukumjua kwa sababu akaunti ya zamani haikufunguliwa kwa namba yake. Ilifunguliwa na kijana wake wa dukani, kwa laini ya kijana, mwaka ule wa 2022, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu nzuri. Kijana aliondoka Julai, yuko Tunduma. Data zilikuwepo zote, chini ya namba ya kijana. Dada alikuwa amefungua chumba kingine pembeni na kukikuta kitupu, kama kinavyopaswa kuwa.

Kwa uzoefu wangu, data nyingi zinazosemwa zimepotea ziko hivi. Hazijafutwa, mtu ameingilia mlango mwingine. Mara ni barua pepe mbili, ya kazini na ya nyumbani. Mara ni kujisajili kwa namba mwanzoni na kurudi kwa kitufe cha Google. Mara ni laini iliyopotea. Hili la laini ni baya zaidi, kwa sababu laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu huifunga na namba ikaja kupewa mtu mwingine, na namba za uthibitisho za akaunti yako zitaenda kwake. Dalili ya kutofautisha ni rahisi. Ukiingia na kukuta ujumbe kwamba usajili wako umeisha, uko kwenye akaunti yako. Ukiingia na kukaribishwa kama mgeni, na kupewa punguzo, umefungua mpya: simama hapohapo, usilipe, usiingize kitu.

Dada alikuwa amelipa na ameingiza. Huduma kwa wateja walikuwa waungwana, ila walikuwa na mambo mawili ambayo hawakuyalegeza. Akaunti mbili hawaziunganishi, kwa hiyo mauzo ya siku tatu ilibidi tuyaandike upya kwa mkono. Na ile 16,000 haikuhamishika. Walitaka ushahidi kwamba duka ni lake: namba ya akaunti iliyokuwa kwenye risiti za malipo za zamani, tarehe na kiasi cha malipo ya mwisho, na kijana athibitishe kwa namba yake. Tulimpigia Tunduma, akatusomea namba ya uthibitisho kwa simu, tukabadilisha namba ya mmiliki. Angekuwa ameondoka kwa ugomvi, sijui tungefanyaje.

Saa inayohesabu baada ya wewe kuondoka

Tarehe 9 akaunti ilifunguka. Tulikuwa na bahati kuliko tulivyostahili. Masharti ya kampuni yalisema data hutunzwa siku 180 baada ya usajili kuisha. Kutoka 30 Juni, siku ya 180 ni 27 Desemba. Sisi tulikuwa siku ya 132. Lakini sentensi iliyofuata ilisema viambatisho, yaani picha na mafaili, hutunzwa siku 90. Hizo ziliisha 28 Septemba. Madeni yalirudi, wateja walirudi, mauzo ya miaka mitatu yalirudi, ila pale palipokuwa na picha ya risiti ya manunuzi palibaki kisanduku cha kijivu.

Niliwauliza kama hawana nakala rudufu. Walikuwa nazo, na bado jibu lilikuwa hapana, na nadhani inafaa kueleza kwa nini. Nakala rudufu ya kampuni haipangwi kwa wateja, kama mafaili kabatini. Ni picha ya mfumo mzima, wateja wote kwa pamoja, iliyopigwa usiku fulani ili kampuni iweze kusimama tena mashine zikiungua. Kumtoa mteja mmoja humo ni kuusimamisha mfumo mzima wa usiku ule kwenye mashine ya pembeni, kuchambua vilivyo vyake na kuvipandikiza kwenye mfumo wa leo bila kugusa vya wengine. Kwa kampuni kubwa inayolipwa mamilioni na mteja, pengine. Kwa kifurushi cha 32,000, hapana. Tena nakala hizo nazo zina umri. Mpya huandikwa juu ya ya zamani, na baada ya wiki kadhaa kilichofutwa kinakuwa kimefutwa kila mahali.

Wala usidhani wanafuta kwa kisasi. Kuhifadhi kunagharimu, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki majina na namba za watu zitunzwe bila sababu. Wale wakulima 37 ni watu wenye haki zao, hata kama hawajui kampuni hiyo ipo.

Muda unatofautiana sana kati ya huduma na huduma, na tofauti hiyo haikisiwi, inasomwa. Chukua hifadhi ya Google, ambayo wengi wetu tunaitumia bila kujua. Ukiacha kulipia nafasi ya ziada, unarudi kwenye GB 15 za bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Ukiwa umezidi hapo hakuna kinachofutwa siku hiyo, ila huwezi kuongeza kitu, picha mpya haziendi, na barua pepe haziingii wala kutoka. Ukikaa umezidi kiwango kwa miaka 2, hapo wanaweza kufuta. Miaka 2 kule, siku 180 huku, na kwa picha za risiti 90. Na kwa kuwa nakala za WhatsApp kwenye simu za Android siku hizi zinahesabiwa ndani ya hizo GB 15, mtu anaweza kughairi nafasi ya picha kisha akashangaa mazungumzo yake hayahifadhiwi.

Kuna hali ya katikati pia, ambapo data zimerudi lakini zimefungwa. Kifurushi cha zamani cha dada kiliruhusu bidhaa 1,000. Cha sasa cha 32,000 kinaruhusu 500, na yeye alikuwa na 612. Bidhaa 112 zilionekana kwenye orodha kwa rangi hafifu, hauwezi kuziuza wala kuzibadilisha. Wengi wangepanda kifurushi hapohapo. Tulikaa tukazipitia, tukakuta zaidi ya mia mbili ni mbegu na dawa ambazo hajaagiza tangu 2023. Tukaziweka kwenye kumbukumbu, na zile nyingine zikafunguka zenyewe.

Miezi ambayo mfumo haukuwepo

Turudi kwenye zile simu za asubuhi. Data zilizorudi zilikuwa sahihi kabisa, sahihi kwa tarehe 30 Juni. Tuliwahi hata kuzihakiki: ripoti ya mwisho ya Juni alikuwa amenitumia kwa WhatsApp, nikalinganisha idadi ya wateja, jumla ya madeni na namba ya risiti ya mwisho. Vitatu vyote vilikubaliana. Vikikubaliana hivyo, ujue hakuna kilichoanguka njiani. Kosa langu lilikuwa kuridhika hapo na kwenda kulala, bila kuzima meseji za kukumbusha madeni. Ukirudishiwa akaunti, cha kwanza ni kuzima kila kinachojiendesha chenyewe, kabla hata ya kutazama takwimu. Hilo sasa nalijua.

Mkulima wa Isyonje alikuwa akidaiwa 180,000 mwezi Juni. Agosti, uwanja wa Nane Nane, alilipa 100,000, na dada akaandika kwenye daftari. Oktoba alichukua dawa ya ukungu ya 65,000 kwa mkopo, nayo ikaandikwa. Deni lake halisi lilikuwa 145,000. Mfumo ulimdai 180,000.

Kuziba pengo hilo tulitumia njia mbili tofauti, kwa sababu mali na madeni si kitu kimoja. Kwa mali, hakuna haja ya kuingiza mauzo ya miezi minne moja moja. Mfumo ulisema kuna mifuko 46 ya DAP, stoo kulikuwa na 11. Tukahesabu mali yote kwa siku moja, tukaandika marekebisho ya tarehe 10 Novemba, tukaweka maelezo kwamba ni kipindi cha daftari. Jumla ya mauzo ya kila mwezi tukaiingiza kwa mstari mmoja mmoja, ili hesabu za mwaka zisiwe na shimo. Madeni hayaendi hivyo. Mdaiwa anakumbuka tarehe, anakumbuka alilipia wapi na nani alikuwepo. Kwa hiyo kila malipo na kila mkopo wa daftari uliingizwa kwa jina la mtu na tarehe yake halisi, hata kama ilituchukua jioni mbili. Ndipo tukawatumia wote 37 meseji ya kuomba radhi yenye salio sahihi.

Nusu ya meseji hazikufika, na hili nalieleza kwa sababu litakukuta. Ili kuokoa muda nilikuwa nimetoa orodha ya wateja kwenye faili la `.csv`, nikalifungua kwa Excel, nikarekebisha majina, nikalirudisha. Excel ikiona 0754 mwanzoni mwa namba inadhani ni hesabu, na sifuri ya mbele kwenye hesabu haina maana, inaiondoa. Namba za tarakimu kumi zikawa tisa. Nusu nilizokuwa nimeziandika kwa 255 na vistari katikati zilipona. Dawa yake ni kuipa safu ya namba muundo wa maandishi kabla ya kuingiza data.

Faili hilohilo ndilo dada alipaswa kulitoa Juni, siku alipoghairi, wakati mlango ulikuwa bado wazi kwa siku 16. Ripoti ya PDF inasomeka na macho tu. Kwa kurudishia data kwenye mfumo, wowote ule, unahitaji `.csv` ya wateja, ya bidhaa na ya miamala, kila moja kivyake, na picha unazipakua pembeni. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano, na afisa wa kodi akija hatakubali maelezo kwamba kampuni ya programu hutunza siku 90.

Kuhusu bei, niliwaandikia kampuni kabla ya mwezi wa pili kuanza, nikaeleza miaka mitatu ya malipo, nikauliza kama wana bei ya mteja anayerudi. Kampuni nyingi huwa nayo, haitangazwi. Walimpa 26,000 kwa miezi sita, kisha 32,000. Bei ya 2022 walisema haiwezi kufunguliwa tena hata wakitaka, kwani kifurushi chenyewe hakipo kwenye mfumo.

Zile picha za risiti hazijarudi na hazitarudi kutoka kule. Ila zilipigwa kwa simu ya kijana, na wiki iliyopita amepekua picha zake za zamani huko Tunduma. Amepata tisa.